Sikukuu au siku kuu? Ulinganisho kutoka meza ya kuchapia, Mwanza

"Siku kuu ya Bulabo itakuwa siku nne. Siku kuu ni Jumapili."

Hayo yalikuwa kwenye karatasi ya daftari aliyonikabidhi mzee mmoja wa kikundi cha ngoma kutoka Kisesa, nimchapie bango la Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Nikasoma mara mbili, kisha nikamuuliza, "Mzee wangu, siku kuu ni siku nne au ni Jumapili?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Zote mbili, dada. Hiyo ya kwanza ni shughuli yenyewe. Hiyo ya pili ni ile siku watu wanajaa."

Alikuwa amenieleza tofauti yote kwa sentensi mbili, ila kalamu yake ilikuwa imeandika kitu kimoja mara mbili. Nilichapa hivi: "Sikukuu ya Bulabo itadumu siku nne. Siku kuu ni Jumapili." Akasoma, akaridhika, akalipa.

Kazi yangu ni steshenari: kuchapa, kutoa kopi, kutengeneza kadi na mabango. Neno hili hupita mezani kwangu karibu kila wiki, na wateja wengi huniambia andika vyovyote, wasomaji wataelewa. Kwenye salamu za Krismasi ni kweli wataelewa. Lakini kuna karatasi ambazo ile nafasi moja katikati hubadilisha habari, na hizo ndizo nataka tuziangalie, ili ukiwa na tangazo mkononi ujue uchague ipi.

Tuanze na lililo wazi. Sikukuu, kwa pamoja, ni neno moja. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu utalikuta limesimama peke yake, nomino ya ngeli ya i-/zi-: sikukuu hii, sikukuu hizi. Siku kuu, kwa kutenganisha, ni maneno mawili: nomino siku na kivumishi -kuu, maana yake siku iliyo ya juu kuliko nyingine katika jambo fulani. Kwa hiyo hakuna sahihi na kosa hapa. Yote mawili ni Kiswahili safi, na kosa ni kuweka moja mahali pa jingine.

Kinachotuchanganya ni umbo. Chukua mji mkuu. Ikiwa mingi, unasema miji mikuu. Chuo kikuu, vyuo vikuu. Soko kuu, masoko makuu. Kila sehemu inabadilika peke yake, kwa hiyo jicho linaona wazi kwamba hapo kuna maneno mawili, na hakuna mtu anayeandika "mjimkuu". Siku haibadiliki. Moja ni siku, kumi ni siku, na -kuu katika ngeli hiyo haipokei kiambishi chochote kinachoonekana. Ikiwa moja ni siku kuu, zikiwa tano ni siku kuu. Hakuna kitu katikati kinachozuia maneno hayo mawili yasigandane.

Mtu anaweza kunijibu: mbona barabara kuu nayo haibadiliki, na hakuna anayeandika "barabarakuu"? Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha jambo lote. Barabara kuu bado ni barabara, na bado ni kuu. Ukisimama katikati ya mji unaweza kuuliza ipi kuu na ipi ya mtaani, ukaonyeshwa. Sasa chukua tarehe 26 Desemba, Boksing dei. Hakuna anayeiona kuwa kuu kuliko ya tarehe 25; watu wengi wanailala tu kwa uchovu wa jana yake. Lakini ni sikukuu, imo katika orodha ya taifa, ofisi zimefungwa. Ukuu umekwisha kufifia ndani ya neno, likabaki jina la aina ya siku: siku ya kuadhimisha au ya kupumzika. Maneno mawili yakifika hapo, yanaandikwa pamoja.

Na hata hiyo "siku" iliyomo ndani imefifia vilevile. Sikiliza tunavyosema wenyewe: "Siku ya sikukuu hatufungui duka." "Siku za sikukuu nauli hupanda." Kama sikukuu ingekuwa bado ni siku tu iliyo kuu, tusingeitanguliza siku nyingine mbele yake, tungekuwa tunasema siku ya siku. Wala haituelemei mdomoni. Mimi hiki ndicho kipimo changu cha kwanza, kwa sababu hakihitaji kamusi wala sarufi: weka "siku ya" mbele ya neno lako. Ikikaa vizuri, andika pamoja. "Siku ya sikukuu ya Idi" inakaa. "Siku ya siku kuu ya mashindano" inakwama, kwa hiyo hapo ni siku kuu ya mashindano, kwa kutenganisha.

Sikukuu inaweza pia kuwa ndefu kuliko siku moja, jambo ambalo watu wengi hulisahau. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version wameliona bila kulitilia maanani. Sikukuu ya vibanda katika Mambo ya Walawi huchukua siku saba. Na Yohana, sura ya 7, anaposimulia mwisho wa sikukuu hiyohiyo, anasema ilikuwa "siku ile kubwa ya sikukuu". Tazama jinsi mambo mawili yalivyotenganishwa: sikukuu ni adhimisho zima, na ndani yake mna siku moja iliyo kubwa kuliko wenzake. Mzee wangu wa Kisesa alikuwa anasema jambo lilelile. Bulabo ya Bujora ni sikukuu ya zaidi ya siku moja, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana, na ndani yake kuna siku kuu.

Nane Nane nayo iko hivyo. Maonesho ya Nyamhongolo hapa Ilemela huanza mapema Agosti, na siku yenyewe ni tarehe 8. Kwa siku kama hiyo watu siku hizi husema "siku ya kilele". Naipenda sana hiyo, na inanipa kipimo cha pili: jaribu kuweka "ya kilele" badala ya "kuu". Kama sentensi inabaki na maana yake, tenganisha. "Siku ya kilele ni Jumapili" inabaki, kwa hiyo "siku kuu ni Jumapili". Lakini "heri ya siku ya kilele" si salamu ya mtu yeyote, kwa hiyo "heri ya sikukuu".

Kipimo cha tatu ni kuchomeka kitu katikati. Maneno mawili huweza kuachana: siku yangu kuu, siku yetu kuu, siku ile kuu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 2, utakuta "siku ya Bwana iliyo kuu", siku na kuu zimekaa mbali kabisa na bado ni marafiki. Neno moja halipasuki. Sikukuu ikiwa yetu, ni sikukuu yetu. Ukisema "siku yetu kuu" tayari umesema jambo jingine, labda siku ya arusi yenu, labda siku mliyomaliza kulipa mkopo wa kikundi. Vilevile neno moja linaweza kupokea sifa ya ukubwa bila kujirudia: sikukuu kubwa, sikukuu ndogo. Siku kuu ndogo haisemeki.

Mwenye sikio zuri hahitaji hata hivyo vipimo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Neno moja, mkazo mmoja: sikuKUu, ile "siku" ya mwanzo unaipita haraka. Maneno mawili, mikazo miwili: SIku KUu. Tamka taratibu "Nguo za sikukuu zimefika Makoroboi," halafu tamka "Hiyo ndiyo siku kuu ya maisha yangu." Utasikia ya pili inapumua kidogo katikati. Ile pumzi ndiyo nafasi unayoiandika.

Sasa nije kwenye karatasi iliyoleta ugomvi, maana hapo ndipo nilipoacha kusema "vyovyote tu".

Mteja mmoja mwenye biashara ya jumla maeneo ya mwaloni alileta tangazo la kubandika ghalani: "Atakayefanya kazi siku kuu atalipwa mara mbili." Nililichapa kama lilivyo; ndivyo alivyoandika, na mimi nilikuwa na foleni. Sasa pale mwaloni siku hazilingani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka kazi hupungua, na giza likirudi mzigo unaingia kwa wingi. Vijana wa ghala wana siku wanazoziita kuu: zile za mzigo kufika, ambazo mtu huanza alfajiri na kutoka usiku. Wakasoma tangazo, wakaelewa kwa haki kabisa kwamba siku hizo malipo ni mara mbili. Mwisho wa wiki wakadai. Mwenye mali akasema yeye alimaanisha Pasaka, Idi na nyinginezo.

Hesabu yenyewe si ndogo. Tuseme kijana analipwa shilingi 2,000 kwa saa na amefanya saa 8. Siku ya kawaida ni 16,000. Siku ya sikukuu ya umma, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 25, inataka alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi, yaani 32,000. Hiyo inahusu zile sikukuu zilizotajwa na sheria, si siku yoyote ambayo watu wanaiona nzito. Tangazo lililoandikwa "siku kuu" lilikuwa limefungua mlango wa maana zote mbili, na kila upande uliingia kwa mlango wake. Waliishia kukubaliana nusu kwa nusu, wote wamenuna.

Liliporudi kwangu kuchapwa upya, tuliandika: "Atakayefanya kazi siku ya sikukuu ya taifa atalipwa mara mbili." Kisha chini yake tukaorodhesha tarehe: 1 Januari, 12 Januari, 7 Aprili, 26 Aprili, 1 Mei, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba, 9 Desemba, 25 na 26 Desemba, pamoja na Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Idi zote mbili na Maulidi. Tahajia sahihi peke yake ingesaidia. Tarehe ndizo zilizomaliza ubishi. Ukichapa tangazo linalogusa mshahara, usiliachie neno moja kazi yote.

Utaona kwenye orodha hiyo tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Kisheria ni sikukuu ya umma kama nyingine, na ofisi hufungwa. Lakini kwenye bango hakuna anayeandika "Sikukuu ya Nyerere" akajisikia vizuri. Tunaandika Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, au Siku ya Nyerere. Neno sikukuu limebeba shangwe, na mtu husita kuliweka juu ya msiba. Huku kwetu tuna tarehe 21 Mei pia, siku MV Bukoba ilipozama mwaka 1996 karibu na Mwanza. Kwa familia nyingi hakuna siku nzito kuiliko hiyo, na bado si sikukuu. Hapo neno ni kumbukumbu, na mwenye tangazo hana haja ya kuhangaika na sikukuu wala siku kuu.

Makanisani kuna jambo la kuangalia zaidi. Katika kalenda ya Kanisa Katoliki, sherehe, sikukuu na kumbukumbu ni madaraja matatu, na sikukuu ni la kati. Mwili na Damu ya Kristo, ambayo ndiyo Bulabo imefungamana nayo tangu mwanzo, ni sherehe. Mtu akiniletea tangazo la kigango lililoandikwa "Sikukuu ya Ekaristi", sibadilishi kwa akili yangu, ila namwomba amuulize paroko kwanza, maana nimeshaona mabango yakirudishwa. Na usishangae kuona Juma Kuu, Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu zimeandikwa mbalimbali. Hizo hazijagandana. Ijumaa ni Ijumaa kama nyingine zote za mwaka, ila hiyo ndiyo kuu, na kila neno bado linafanya kazi yake. Unaweza kusema Ijumaa Kuu ni sikukuu ya taifa, ukaandika yote mawili katika sentensi moja bila kukosea.

Kadi za arusi huenda upande wa pili. Siku hizi arusi ina kitchen party (mimi naiandika kichen pati, na wengi wananikubalia), kuna send-ofu, kuna kikao cha kuvunja kamati, na katikati ya hayo kuna siku ya ndoa. Bibi arusi mmoja aliniandikia, "Siku yetu kuu ni tarehe ishirini." Hapo pametenganishwa, na lazima pabaki hivyo. Ukimgandishia ikawa "sikukuu yetu", mwalikwa atasoma kana kwamba maharusi wana Idi yao wenyewe.

Hilo nalijua kwa sababu nimewahi kuliharibu. Nilikuwa na faili moja lenye kadi, ratiba ya kanisa na katiba ya kikundi cha akina mama waanika dagaa, vyote vinasubiri kuchapwa jioni ile. Ratiba ilikuwa imejaa "siku kuu" zinazotakiwa kuungana, nikaona nifupishe kazi. Nikabonyeza Ctrl+H, juu nikaandika siku kuu, chini sikukuu, nikabonyeza Replace All. Kadi ya arusi nayo ikaingia humo: mahali palipokuwa na "siku kuu ya maisha yetu" pakawa "sikukuu ya maisha yetu". Na katiba ya akina mama, iliyosema kazi ya kikundi ni kuanika na "kila siku kuuza dagaa", ikatoka "kila sikukuuza dagaa". Kompyuta haikujua kwamba kuu ile ilikuwa mwanzo wa kuuza. Mwenyekiti wao ndiye aliyeliona, nakala zikiwa tayari zimetoka, na karatasi zile nilizilipia mimi. Tangu hapo situmii Replace All kwa neno hili. Nabonyeza Find Next, nasimama kila mahali, nasoma sentensi nzima, ndipo naamua. Ukurasa wa tangazo haumalizi dakika mbili.

Kitu kingine cha mezani: siku kuu iliyotenganishwa ina tabia ya kukatika mwisho wa mstari, siku ikabaki juu na kuu ikashuka chini. Kwenye bango la herufi kubwa inakera, na msomaji anayepita na bodaboda anasoma "SIKU" tu. Badala ya nafasi ya kawaida, weka nafasi isiyokatika kwa Ctrl+Shift+Space. Maneno yatashuka pamoja. Usiyaunganishe kwa sababu tu hayakutosha mstarini, na usiyawekee kistari ukaandika "siku-kuu". Kistari hicho hakisemi chochote. Kinaonyesha tu kwamba mwandishi hakuamua.

Na salamu? Watu wengi wataendelea kuandika "Heri ya siku kuu" kwenye simu na hata kwenye magazeti, na mimi sitamnunia mtu aliyenitakia heri. Lakini mteja akinilipa nimchapie kadi mia mbili za Krismasi, naandika sikukuu, pamoja, na nikiulizwa kwa nini namwambia aweke "siku ya" mbele yake asikie mwenyewe.

Mwaka uliofuata mzee wa Kisesa alirudi na karatasi nyingine ya daftari. Safari hii ilikuwa imeandikwa "sikukuu" juu, imeunganishwa kwa uangalifu, na chini, kwa mwandiko uleule, "siku kuu" yenye nafasi pana katikati kiasi cha kupitisha kidole. "Nimeacha mlango," akasema, "usije ukaufunga."